Kusoma huku mtu anaongea: kwa nini zinagongana?

> "Nachora vizuri tu mtu akiniongelesha, ila kusoma sielewi kitu. Si akili ni ileile?"

Akili ni ileile, ila kumbukumbu ya kazi, ile inayoshika mambo kwa muda mfupi wakati unayashughulikia, ina vyumba. Katika modeli ya wanasaikolojia Baddeley na Hitch (1974), kitanzi cha sauti hushika maneno, ubao wa taswira hushika maumbo na mahali, na msimamizi mkuu hugawa umakini. Kusoma na maneno ya mtu vyote vinagombania kitanzi. Kuchora kunatumia ubao.

Jaribio la mwanasaikolojia Brooks la 1968 linaonyesha vizuri, na unaweza kulijaribu sasa hivi. Fumba macho, iwazie F kubwa ya mistari minene. Anzia kona ya chini kushoto, panda, izunguke yote: kona ikiwa juu kabisa au chini kabisa, sema "ndiyo", la sivyo "hapana". Utapata ndiyo tatu, hapana sita, ndiyo moja. Sasa fumbua macho na, badala ya kusema, jibu kwa kuonyesha kidole ndiyo na hapana zilizotawanywa kwenye karatasi. Hapo ndipo watu hukwama, maana macho yanataka ubao uleule uliobeba F. Ukibadili kazi iwe kupanga maneno ya sentensi uliyoikariri kuwa nomino au la, mambo yanageuka: kusema ndiko kunakokwamisha.

Ukibadili namna ya kujibu na ugumu usipungue, mshuku msimamizi. Kazi mbili ngumu humlemea hata zikiwa vyumba tofauti.