Tulilipia mkopo uliokuwa umesimamishwa

Agosti 2023 kikundi chetu cha wanawake watano hapa Morogoro kilitoa shilingi 100,000 kulipia mkopo ambao haukuwepo. Kila mmoja alichanga 20,000. Mwenzetu mmoja alikopa hiyo ishirini kwa shemeji yake, na mpaka leo shemeji akija nyumbani lazima aiulizie kwa utani.

Ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la kikoba. Ulikuwa na nembo ya taifa, picha ya kiongozi, na maneno "Ruzuku na mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake na vijana, milioni 5 ndani ya saa 24". Chini palikuwa na namba ya "afisa mikopo". Nilipiga mimi mwenyewe. Akapokea kijana mwenye adabu zake, ananiita mama, anauliza jina la kata na biashara tunayofanya. Nikamwambia tunasaga karanga, tunauza siagi yake kwenye vikopo. Akasema mradi mzuri sana, kilichobaki ni ada ya fomu na bima ya mkopo, elfu ishirini kwa kila mwanachama. Tukatuma kwenye namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu binafsi. Kesho yake akataka 75,000 nyingine "ya kufungulia mfumo". Hapo ndipo mwenyekiti wetu aliposhtuka, akafunga safari mpaka ofisi ya kata kumwona afisa maendeleo ya jamii.

"Dada," akaambiwa, "mikopo ya asilimia 10 imesimamishwa tangu Aprili. Huyo anawapa ya wapi?"

Na kweli, ilikuwa imetangazwa. Aprili 2023, baada ya ripoti ya CAG kuonyesha vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, serikali ilisimamisha utoaji wa mikopo hiyo ili ipange utaratibu mpya. Ilikuja kurudi katikati ya 2024. Redio zilitangaza, magazeti yaliandika, sisi tulikuwa tunasaga karanga. Nauli ya bodaboda kwenda kata ingetuokolea laki moja.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuanza na swali moja kabla ya mengine yote: hizi hela zinatoka wapi? Ukijua chanzo chake, uongo mwingi unaonekana wenyewe bila hata kumuuliza mtu.

Chukua hiyo asilimia 10. Si mfuko uliokaa Dodoma ukisubiri kugawiwa. Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani ushuru, leseni na tozo inazokusanya yenyewe, ukiondoa yale ambayo tayari yana kazi maalumu. Inagawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Sasa piga hesabu ya mfano. Halmashauri iliyokusanya bilioni 5 itatenga milioni 500. Fungu la wanawake ni milioni 200. Kila kikundi kikipewa milioni 5, ni vikundi 40 tu, halmashauri nzima, mwaka mzima. Na hizo fedha hupatikana kadiri ushuru unavyokusanywa, haziingii zote siku moja.

Kwa hiyo mtu anayekuahidi milioni 5 ndani ya saa 24, bila kuuliza uko halmashauri gani, hazungumzii fedha hizi. Hawezi kuwa anazizungumzia. Mapato ya ndani ya Nkasi hayawezi kumkopesha mtu wa Kibaha. Mkopo wa kweli una mipaka ya eneo, una msimu, na una foleni. Ukiona unapatikana kwa kila mtu, popote alipo, saa yoyote, shaka yako ina msingi.

Neno la pili lililotuponza ni "ruzuku". Asilimia 10 ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Matapeli wanachanganya maneno haya makusudi, kwa sababu mtu aliyesikia ruzuku anaona 20,000 ni kitu kidogo ukilinganisha na milioni za bure. Akikuchanganyia ruzuku na mkopo kwenye sentensi moja, mwulize ni ipi kati ya hizo mbili, halafu msikilize anavyojikanyaga.

Mwaka uliofuata tuliomba kwa njia yenyewe. Nitasimulia ilivyokuwa ili uone ni wapi hela ilitutoka na wapi haikutakiwa kututoka. Kwanza tulikaa tukaandika katiba ya kikundi na muhtasari wa kikao cha kuomba mkopo, wote watano tukasaini. Tano ndiyo idadi ya chini kwa kikundi cha wanawake. Afisa maendeleo ya jamii wa kata alitupa mfano wa katiba na kutuelekeza makosa yetu. Hiyo ni kazi yake, analipwa mshahara kwa ajili hiyo. Tukafungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi. Maombi yaliingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa serikali kwa kutumia namba zetu za NIDA. Kisha wakaja watu wa kamati ya kata kuangalia mashine, magunia ya karanga, na kama kweli sisi ni watano na tunafahamiana. Mmoja wao alimwuliza mweka hazina wetu bei ya kikopo, halafu akamwuliza mwenzetu aliyekuwa jikoni swali hilohilo, kila mmoja peke yake. Nilicheka baadaye, ila ndivyo vikundi hewa vinavyonaswa.

Tulitumia hela kwenye picha ndogo, kutoa nakala, nauli na kiasi cha kuanzia akaunti, ambacho kilibaki kuwa chetu. Basi. Hakuna aliyetudai ada ya fomu.

Lakini sitakudanganya kwamba njia ilikuwa safi tupu. Nje ya ofisi kuna vishoka. Mmoja alitufuata na karatasi zetu akizijua, akasema kwa 50,000 faili letu "litapanda juu". Huyu ni hatari kuliko yule wa WhatsApp, kwa sababu anaonekana anafahamiana na watu wa ndani, na pengine kweli anafahamiana nao. Tulimjibu kwamba kama kuna malipo halali, atupe kontroo namba. Akaondoka.

Hilo jibu lishike. Malipo halali ya serikali hupita kwenye mfumo wa GePG kwa namba ya kumbukumbu yenye tarakimu 12, mara nyingi ikianza na 99. Ukiiingiza kwenye simu, kabla hujaweka namba ya siri unaonyeshwa jina la anayelipwa. Likitokea jina la mtu badala ya taasisi, au ukaambiwa "tuma tu kwenye namba yangu, nitakulipia mimi ofisini", usitume. Ikiwa anayekudai ni mtumishi wa umma, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa 113. Kumlipa mtu akuandikie andiko la mradi ni jambo jingine, hiyo ni huduma kama ya fundi, japo nashauri mliandike wenyewe. Kamati itawauliza nyie maswali, mwandishi hatakuwepo.

Tuliomba 3,600,000. Zilipoidhinishwa ziliingia kwenye akaunti ya kikundi, si kwenye simu ya mwenyekiti, na ziliingia kamili. Mkataba wetu ni wa miezi 18, kwa hiyo tunarudisha 200,000 kila mwezi. Zidisha mwenyewe: 200,000 mara 18 ni 3,600,000 ileile. Mkopo usio na riba unahakikiwa kwa hesabu hiyo nyepesi. Jumla ya marejesho ikizidi ulichopokea, uliza kabla ya kusaini. Na ukisikia "tutakata ada kidogo juu ya mkopo, wewe tanguliza tu", jiulize kwa nini wasiikate kwenye huo mkopo wenyewe.

Jambo moja la kuangalia: tangu 2024 si halmashauri zote zinafuata njia moja. Chache, kama Jiji la Dodoma, zilichaguliwa kuanza kutoa mikopo hii kupitia benki. Uliza kata yako iko upande gani, maana kishoka naye atajifanya wakala wa benki.

Je, ruzuku za kweli, zisizorudishwa, zipo? Zipo, ila ni chache na zina ushindani mkali. Ninayoifahamu vizuri ni ya Tony Elumelu Foundation, kwa sababu binti wa mwenzetu aliiomba. Wanatoa dola 5,000 za kuanzia kwa wajasiriamali wa nchi zote za Afrika, mwenye miaka 18 au zaidi, biashara ikiwa bado wazo au haijazidi miaka mitano. Dirisha hufunguliwa Januari 1 na kufungwa Machi 1. Unaomba mwenyewe mtandaoni, bure, na kabla ya kuchaguliwa kuna mafunzo na kujieleza. Waombaji ni mamia ya maelfu. Binti hakupata, na hakupoteza chochote ila bando. Kuna watu wanaouza "nafasi" au "fomu" za mpango huu, hasa mwezi Juni na Julai wakati dirisha limefungwa zamani. Tarehe peke yake inawaumbua.

Ukikutana na jina la mfuko usioujua, mahali pazuri pa kuulizia ni Baraza la Taifa la Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ambalo ndilo linaloratibu mifuko ya uwezeshaji ya serikali. Tovuti za serikali huishia na .go.tz. Soma mwisho wa anwani, si mwanzo, kwa kuwa mwanzo tapeli anaweza kuandika "tamisemi" au "mikopo" au chochote apendacho.

Kuhusu laki moja yetu, hatukuipata. Tulichelewa siku tatu, tulikuwa tunaoneana aibu. Ukigundua umeibiwa, piga simu kwa mtandao wako wa simu papo hapo, kabla hujamweleza mtu mwingine, kwa sababu hela ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kuzuia. Namba ya tapeli itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, ni bure. Halafu piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Yule kijana mwenye adabu tulimtumia picha za vitambulisho vyetu vyote vitano, na mwenzetu mmoja alikuta laini asiyoijua ikiwa hewani kwa jina lake. Ilibidi aende dukani kwa mtandao husika akaifute, na alikaa foleni mchana kutwa.