Sura ya Pili Ndani ya Jedwali: Safu ya Sampuli Ndiyo Inayodanganya

Msimamizi akikurudishia sura ya pili ya tasnifu, ile ya tafiti zilizotangulia, na kuandika pembeni "weka jedwali", usikimbilie kuchora mistari. Wanafunzi wa malaria ninaowasaidia hapa Tanga, wale wanaokwenda kukusanya data Muheza na Korogwe, wengi huchora safu za mwandishi, mbinu, sampuli na matokeo, kisha wanahamishia humo sentensi zao zilezile. Kinachopatikana ni sura ileile iliyobanwa kwenye visanduku.

Anza kwa kuchuja. Kila mstari uwe wa utafiti uliokusanya data yake wenyewe. Makala ya mapitio, yaani yale yanayojumlisha kazi za wengine, usiyape mstari. Mapitio ya Cochrane kuhusu vyandarua vyenye viuatilifu, kwa mfano, yamejumlisha majaribio ya Kilifi na Navrongo. Ukiyaweka jedwalini pamoja na majaribio hayo, Kilifi umeihesabu mara mbili, na msomaji ataona ushahidi mwingi kuliko uliopo. Yataje kwenye maelezo, inatosha. Kuwa macho pia na utafiti mmoja uliozaa makala mbili tatu: ukikuta eneo ni lile na miaka ni ile, rudi kwenye sehemu ya mbinu uhakikishe kabla ya kuongeza mstari.

Safu ya mbinu haina shida. Maneno machache yanatosha. Kazi iko kwenye sampuli. Tazama majaribio matatu ambayo karibu kila tasnifu ya vyandarua huyataja:

| Mahali na mwaka wa chapisho | Mbinu | Sampuli | Tokeo kuu |
|---|---|---|---|
| Kilifi, Kenya, 1996 | Jaribio la nasibu kwa klasta. Vyandarua | Klasta 56 | Vifo vya watoto wa miezi 1–59 vilipungua kwa 33% |
| Navrongo, Ghana, 1996 | Jaribio la nasibu kwa klasta. Vyandarua | Klasta 96 | Vifo vya watoto wa miezi 6 hadi miaka 4 vilipungua kwa 17% |
| Oubritenga, Burkina Faso, 1997 | Jaribio la nasibu kwa klasta. Mapazia | Klasta 16 | Vifo vya watoto wa miezi 6–59 vilipungua kwa 15% |

Mwanafunzi angeandika idadi ya watoto, maelfu kwa maelfu, kwa sababu ndiyo namba kubwa kwenye makala. Lakini hapa kura ya nani apate kinga haikupigwa mtoto kwa mtoto. Ilipigwa kwa klasta, yaani eneo au kundi zima la vijiji. Watoto wa kijiji kimoja wanaumwa na mbu walewale na wanakwenda zahanati ileile, kwa hiyo mtoto wa mia moja kutoka hapo anaongeza habari kidogo tu. Klasta zikiwa chache, makadirio huyumba hata kama watoto ni wengi. Andika kwanza kile kilichopigiwa kura, na idadi ya watoto, kama unayo, ifuate kwenye mabano. Utafiti wa dodoso uandike kwa kaya au kwa watu, ukitaja ni kipi. Usiache "384" ikielea peke yake.

Kwenye tokeo, asilimia bila umri na bila kitu kilichopimwa haina kazi. Vifo vyote, vifo vya malaria na kulazwa hospitali ni vitu vitatu tofauti. Hapo juu ni vifo vyote, vya sababu yoyote. Kama makala haikusema, andika "haikutajwa". Usijaze kwa kukisia, maana kisanduku hicho kinaweza kuwa ndilo pengo unalolitafuta.

Sasa soma jedwali kutoka juu kwenda chini, safu kwa safu. Hapo ndipo sura inapoandikwa upya. Kilifi ilihesabu hata watoto wa mwezi mmoja, wengine walianzia miezi sita. Burkina Faso walitundika mapazia, hawakugawa vyandarua. Kwa hiyo huwezi kuandika tu kwamba "chandarua kinafaa zaidi Kenya kuliko Burkina Faso", sentensi ambayo nimeikuta kwenye rasimu zaidi ya moja. Aya yako itakuwa hivi: "Majaribio yote matatu yalionyesha vifo vikipungua, lakini kiwango kinatofautiana kati ya 15% na 33%. Sehemu ya tofauti hiyo huenda inatokana na umri uliohesabiwa na aina ya kinga iliyotumika." Aya moja namna hiyo inachukua nafasi ya kurasa tatu za "fulani alisema hivi, naye fulani akasema vile".

Jedwali likizidi mistari kumi na mitano, geuza karatasi ilale, na panga mistari kwa mbinu badala ya alfabeti ya waandishi. Majaribio yakae pamoja, madodoso pamoja. Msimamizi akiuliza mbona utafiti fulani aliokupa haumo, uwe na jibu: ni mapitio, au data yake tayari iko mstari wa pili.