Kabla hujaposti mafuta ya nywele uliyolipwa kuyasifia

Wadogo zangu mnaoanza kulipwa kwa kuposti vipodozi, leo nazungumzia kapsheni moja tu, ile ya mafuta ya nywele. Wengi wenu mtaanzia hapo, na ndipo mnunuzi anapoumia bila kujua. Rangi ya mdomo isiyomfaa mtu ataiona siku hiyohiyo. Mafuta ya nywele atayapaka miezi mitatu akisubiri matokeo uliyomwahidi, na yasipokuja atadhani kichwa chake ndicho chenye matatizo.

Mara nyingi kapsheni mtaletewa ikiwa imeshaandikwa. Mdogo wangu mmoja ninayefanya naye kazi Dar alitumiwa hii, pamoja na chupa ya mililita 100 ya mafuta ya nyonyo na rosemari:

"Jamani siwezi kuwaficha! Haya mafuta yameniotesha nywele ndani ya wiki 2 tu, na za pembeni zilizokatika zimerudi zote. Asanteni sana kwa zawadi. Shilingi 15,000, namba ipo kwenye bio. #ushirikiano"

Tuliisoma pamoja sentensi kwa sentensi. Tuanze na hiyo "zawadi". Binti alikuwa amelipwa pesa, si chupa pekee, na msomaji ana haki ya kujua yote mawili. Neno "ushirikiano" halimwambii mtu kwamba pesa imetoka, na limewekwa mwisho kabisa. Instagram huonyesha mistari ya mwanzo tu ya kapsheni, iliyobaki inajificha mpaka mtu abonyeze. Asiyebonyeza anaondoka akiamini ni dada yake anamsimulia. Kwa hiyo malipo yatajwe kwenye sentensi ya kwanza, kwa Kiswahili ambacho hata shangazi yako anakielewa: tangazo la kulipwa. Msijifiche nyuma ya #ad kama wanaowafuata ni Waswahili.

Pia washeni alama ya programu yenyewe. Kwa Instagram inaitwa Paid partnership, na TikTok mtaipata kwenye mipangilio ya kutangaza maudhui ya kibiashara kabla ya kuposti. Alama hiyo haichukui nafasi ya sentensi yenu, maana ni maandishi madogo na jicho linayaruka. Kama ni video, litamkeni mwanzoni, kwa kuwa wengi hutazama bila kugusa kapsheni.

Sasa hizo wiki 2, na hapa nataka tukae kidogo. Nywele za kichwani hurefuka takriban sentimita moja kwa mwezi, nyingine pungufu ya hapo, hasa hizi zetu za kipilipili. Wiki mbili ni nusu sentimita, na hiyo ingekuja hata bila mafuta yoyote. Mafuta yanachoweza kufanya vizuri ni kupunguza msuguano na kufunga unyevu, ili nywele isikatike wakati wa kuchana. Mtu ambaye nywele zake hazikatiki ataona zimerefuka, kwa kuwa kile kilichoota kimebaki. Hayo ni matokeo halali na ya kusifiwa, lakini ni tofauti na kuotesha. Rosemari iliwahi kulinganishwa na minoksidili ya asilimia 2, dawa ya kuotesha nywele, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, kwa wanaume 100 wenye upara wa kurithi. Mabadiliko yalionekana baada ya miezi 6, na hakukuwa na kundi lililopakwa kitu kisicho na dawa ili kulinganisha. Huwezi kutoka hapo ukaahidi wiki 2 kwa dada mwenye nywele za kusuka.

Nywele za pembeni ndizo zilizonikera zaidi. Zikikatika kwa kusuka kwa kubana au kwa wigi la gundi, kinachosaidia ni kuacha kubana, na mapema. Kuvutwa kukiendelea miaka, vinyweleo huweka kovu na havirudishi nywele tena. Anayesoma ahadi yako atapaka mafuta huku akiendelea kubana, na huo ndio muda aliokuwa nao wa kuziokoa.

Kisha tukageuza chupa. Viungo huandikwa kuanzia kile kilicho kingi. Cha kwanza kilikuwa Paraffinum Liquidum, yaani mafuta ya madini, na Ricinus communis, ambayo ndiyo nyonyo, ilikuwa ya tatu. Mafuta ya madini hayana ubaya, yanafunga unyevu vizuri, ila huwezi kuyaita "nyonyo asilia" kisa picha ya mbegu kwenye lebo. Hapohapo muulizeni muuzaji kibali cha TBS, kwa sababu tangu 2019 vipodozi Tanzania viko chini yao.

Tulimwomba muuzaji wiki 6 za kuyatumia, na picha zikapigwa kwa namna moja: nywele zimeoshwa, hazijapigwa draya, dirisha lilelile. Picha ya kwanza ikiwa imejikunja na ya pili imenyooshwa, urefu unaouona ni wa draya. Kapsheni iliyotoka ni hii:

"TANGAZO LA KULIPWA. Wenye mafuta haya wamenilipa, na chupa wamenipa bure. Nimeyatumia wiki 6, mara mbili kwa wiki, juu ya nywele zenye unyevu. Nywele zangu ni za kipilipili, sijaweka dawa. Nilichopenda: nachana bila kuvutana, na nywele zinazobaki kwenye kitana zimepungua. Sikuona nywele mpya pembeni. Ni mazito, na nilipopaka mengi nilitoka vipele kwenye paji la uso. Kiungo kikuu ni mafuta ya madini, nyonyo ipo kidogo. Kama una mba unaowasha, mafuta yanaweza kuuzidisha, mwone daktari wa ngozi kwanza. Jaribu tone moja nyuma ya sikio, subiri siku nzima. Mililita 100 ni shilingi 15,000. Ukitaja jina langu napata asilimia ya mauzo."

Muuzaji alitaka sentensi ya nywele za pembeni na ile ya vipele ziondoke. Binti alimjibu kwa heshima kwamba Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na kwamba jina litakalotajwa watu wakilalamika ni la wote wawili. Vipele vilibaki. Pembeni ilibaki pia, baada ya mabishano. Ingekuwa rahisi zaidi kama jambo hilo lingeandikwa kwenye makubaliano kabla ya pesa kutumwa, kwa hiyo ninyi liandikeni: muuzaji atasahihisha bei, jina na viungo, lakini nilichokiona kichwani kwangu hakigusi. Akikataa hapo mwanzoni, hamjapoteza chochote zaidi ya ujumbe wa simu.

Mkipandisha tena video hiyo kwenye stori mwezi ujao, maneno "tangazo la kulipwa" yaandikwe upya juu ya picha, kwa sababu kapsheni haiendi nayo. Na mtu akiuliza chini ya posti kama yataotesha nywele za mwanawe wa miaka miwili, msimpe namba ya muuzaji. Mwambieni hamjayajaribu kwa mtoto.