Ukiambiwa "ahorita", ujue kwanza mwenzio katoka wapi

Kuna dada kaniandikia inboksi juzi, ameanza kazi jikoni kwenye mgahawa huko New Jersey na wenzake karibu wote wanaongea Kihispania, analalamika kwamba kila akiomba kitu anajibiwa "ahorita", mmoja anakileta pale pale na mwingine hakileti mpaka shifti inakaribia kuisha, sasa anauliza kama wanamfanyia makusudi. Dada yangu, hapana. Na hili naliongea kwa uhakika kabisa maana Kihispania changu chote nimekiokota jikoni Bronx, sijakaa darasani, na leo wakija vijana wapya mi ndo naitwa niwatafsirie.

Litamke aorita, hiyo h haisikiki. Mzizi wake ni ahora, yaani sasa, halafu wanaongeza kimkia cha kudogosha, kama casa ni nyumba na casita ni kijumba. Shida inaanzia hapo, kwasababu "sasa" ukiidogosha unaweza kuwa umeibana iwe sasa kabisa, kama Wameksiko wanavyosema cerquita wakimaanisha karibu mno kuliko cerca ya kawaida, au unaweza kuwa umeilainisha tu, kama mtu anayekuomba favorcito ili ombi lisikae zito. Meksiko wanafanya yote mawili kwa neno hilo hilo, kwahiyo ahorita yao inaweza kuwa dakika hii, inaweza kuwa jioni, na inaweza isifike kabisa. Mdominika, yaani mtu wa Jamhuri ya Dominika, au mtu wa Puerto Rico yeye akisema ahorita mara nyingi anamaanisha baadaye, akitaka sasa anasema ahora mismo. Mvenezuela ndo kinyume, kwake ahorita ni sasa hivi.

Sasa niwape kisa changu, na mpaka leo kinaniuma. Ijumaa jioni wateja wamejaa, mchele umebaki kidogo, nikamwambia jamaa wa stoo, Mdominika, alete gunia, akajibu "ahorita". Mpishi wetu ni mama wa Puebla, huko Meksiko, kalisikia jibu kwa masikio yake akatulia, maana kwake mtu aliyesimama mlangoni kwa stoo akisema ahorita basi mkono uko kwenye gunia tayari. Kumbe jamaa alikuwa anashusha mizigo kwenye gari, na kwa Kihispania cha kwao kasema kweli tupu: nitaleta baadaye, nikimaliza. Wali ukaisha, oda zikakwama, na meneja kati ya wote wale akanifokea mimi, eti Mwafrika haelewi lugha, wakati mi ndo niliyekuwa nimeelewa kwanini wale wawili wamepishana. Sikumjibu. Ila nilianza kuuliza pale pale: "¿ahora mismo o más tarde?", yaani sasa hivi au baadaye, na tangu hapo mchele haujakwama tena mikononi mwangu.

Jamani sikilizeni kitenzi, msing'ang'anie hilo neno peke yake. "Ahorita llegó" maana yake kafika muda si mrefu, hapo jambo limeshapita wala usikae kusubiri. "Ahorita estoy cocinando" ni sasa, anapika unavyomuona. Ile ya hatari ni "ahorita te lo traigo", nakuletea, hiyo ni ahadi na ndo inayovutika, kwahiyo mwangalie mikono, kama kisu hajakiweka chini na macho hayajatoka kwenye sufuria basi jihesabie kwamba bado. Akikuambia "ahoritita" au "ahorita mismo" mara nyingi ni mara moja. Na Mmeksiko ukimkaribisha chakula akasema "ahorita no, gracias", amekataa kistaarabu, usimrudie baada ya dakika kumi ukadhani alikuwa anasubiri nafasi, watu wengi wanajiona wamedharauliwa hapo wakati mwenzao kawaheshimu.

Halafu msiende na ramani kichwani kama sheria. Mdominika aliyekaa sana na Wameksiko anaanza kulitumia kama wao, na hawa jikoni wamechanganyika miaka, kwahiyo nchi inakupa pa kuanzia tu, mtu mwenyewe utamjua kwa kumsikiliza wiki mbili tatu, mimi nilifanya hivyo na kila niliyefanya naye kazi najua ahorita yake ina urefu gani.

Dada, huyo anayekuchelewesha usimwachie neno liishie hapo, mpe saa. Mwambie "lo necesito antes de las siete", nakihitaji kabla ya saa moja. Na hapo kuwa makini, las siete yao ni saa moja yetu, ukiisikia siete kichwa kikakimbilia saba utaenda kukidai mchana wakati yeye anajua ni jioni.