Vigawe vya tatu na dirisha lililozibika

Binti yangu wa darasa la tatu alikuwa akiimba jedwali la saba bila kusita, lakini ukimuuliza ghafla saba mara nane, hurudi kwenye saba mara moja na kupanda ngazi upya. Ndipo tulipokaa kwenye mkeka barazani, hapa Mikindani, tukachora jedwali la kupaka rangi. Nawaeleza tulivyofanya, pamoja na kosa langu la mwanzo.

Tumia daftari la hisabati lenye miraba, na kila namba uipe miraba minne ya daftari, ili tarakimu mbili zienee bila kubanana. Andika 1 hadi 10 juu na 1 hadi 10 ubavuni, kisha mtoto ajaze majibu yote 100 mwenyewe kwa kalamu ya wino. Kosa langu lilikuwa kupaka vigawe vya mbili, vya tatu na vya tano kwenye karatasi moja kwa rangi tatu. Ilipofika jioni hatukuona mpangilio wowote, tuliona uchafu tu. Tangu hapo hutoa kopi za jedwali alilolijaza, na kila karatasi hubeba vigawe vya namba moja pekee, vilivyopakwa kwa penseli ya rangi iliyolazwa ili namba isomeke chini yake. Rangi za nta nimeziacha, kwa sababu hufunika tarakimu.

Tulianza na namba shufwa. Binti alitarajia kuona ubao wa drafti, mraba mweusi na mraba mweupe kwa zamu, na matarajio hayo si ya kijinga, kwani jedwali la kujumlisha hutoa drafti hasa. La kuzidisha halitoi, maana jibu huwa witiri pale tu ambapo namba zote mbili ni witiri, kwa hiyo miraba 25 tu kati ya 100 ndiyo inayobaki nyeupe.

Karatasi ya vigawe vya tatu ndiyo iliyotufaa zaidi. Safu za 3, 6 na 9 hupakwa zote, za kulala na za kusimama, na katikati yake hubaki madirisha meupe ya miraba minne minne, isipokuwa pembezoni kwenye safu ya 10 ambako madirisha hukatika. Hapa kuna sharti moja ambalo wazazi wengi hulipuuza: mtoto apake kwa kuitazama namba aliyoiandika, wala si kwa kufuata safu. Kwa vigawe vya tatu hujumlisha tarakimu. Jumla ikigawanyika kwa tatu, anapaka. Akipaka kwa kufuata mstari, picha itatoka nzuri hata kama majibu ni mabovu.

Siku hiyo aliniita: "Baba, dirisha hili limezibika." Lilikuwa dirisha la chini kulia, ambalo lilipaswa kuwa na 49, 56, 56 na 64. Kwenye saba mara nane alikuwa ameandika 54, na kwa kuwa tano na nne ni tisa, alipaka. Sikumwambia kitu. Alikitafuta kidole kwa kidole kile kilichoharibu dirisha, akaona kwamba upande wa pili, nane mara saba, alikuwa ameandika 56, naye akajua mwenyewe lipi la kufuta. Karatasi ya namba shufwa isingemwonyesha kosa hilo, kwa sababu 54 na 56 zote ni shufwa.

Vigawe vya nne vilimshangaza. Mistari ya 4 na 8 ilitokea kama alivyotegemea, lakini kulikuwa pia na vidoa tisa vilivyosimama peke yake, penye 2, 6 na 10 zinapokutana: mbili mara mbili, mbili mara sita, sita mara sita na kadhalika. Tatu ni namba tasa, hivyo lazima mojawapo ya namba mbili iwe kigawe cha tatu. Nne yaweza kupatikana kwa vipande, mbili kutoka huku na mbili kutoka kule. Tulikaa hapo karibu saa nzima, nami sikujutia.

Karatasi hizi hazikamati kila kosa. Saba mara nane ikiandikwa 58, vigawe vya mbili na vya tatu vitaipitisha, na vya nne vitaacha pengo kwenye mstari wa 8. Ikiandikwa 68, itapita zote tatu. Kwa kosa la namna hiyo mlinganishe na pacha wake, nane mara saba, na kama mtoto amekosea kote kuwili, soma safu ya saba kwa mfululizo: 49, 68, 63. Namba iliyopanda kisha ikashuka mtoto huiona mwenyewe.