Kabla hujamchongea mchawi fimbo, mnyang'anye

Kila nikipokea mswada wa hadithi ya kichawi kutoka kwa mwandishi anayeanza, nakuta fimbo imeelezwa vizuri kuliko mtu aliyeishika. Tunaambiwa ni ya mti gani, ina nakshi gani, na jiwe lililo kichwani linawaka rangi gani. Halafu namuuliza mwandishi swali moja: huyu mtu akinyang'anywa fimbo yake njiani, anabaki na nini? Wengi hukaa kimya. Kama ndiyo kwanza unaingia kwenye uandishi huu, anza na swali hilo kabla hujachagua mti wala jiwe, maana jibu lake ndilo litakalokuonyesha fimbo hiyo inafanya kazi gani.

Kwanza tuelewe kwa nini chombo kipo. Uchawi hauonekani. Mtu akisimama katikati ya ukumbi na kuwaza tu, msomaji hana pa kuweka macho. Mpe fimbo, aielekeze mlangoni, na papo hapo msomaji anajua nguvu inatoka wapi na inakwenda wapi. Adui naye anajua, kwa hiyo anaweza kukwepa, kuupiga mkono, au kurukia fimbo yenyewe. Pambano linapata umbo.

Fimbo yenyewe ilikuwa mikononi mwa watu zamani sana kabla waandishi hawajaichukua. Ni ya mzee, ya mchungaji, ya msafiri, ya mtawala. Kizazi kizima cha Watanzania hakikumbuki sura ya Mwalimu Nyerere bila kile kifimbo chake. Na katika Sura ya Ta-Ha, Musa anapoulizwa ana nini mkononi mwake wa kulia, anajibu kwamba ni fimbo yake, anaiegemea na anawaangushia kondoo wake majani. Yale yaliyofuata ni muujiza wa Mwenyezi Mungu, si uchawi, wala siyaweki kwenye kapu moja na hadithi za kubuni. Ninachokuomba ukitazame ni mpangilio wa maelezo: kazi ya kila siku inatajwa kwanza, ndipo fimbo inageuka nyoka. Chombo ambacho msomaji amekwisha kukiona kikitumika kuegemea au kuvukia mto, kikija kuwaka moto kinashtua zaidi kuliko kile kilichoingia kwenye hadithi kikiwa tayari kinang'aa.

Sasa turudi kwenye kunyang'anywa. Katika hadithi nyingi nilizosoma, chombo hufanya moja ya kazi tatu: kupitisha nguvu, kuihifadhi, au kumtambulisha aliyekishika.

Chombo cha kupitisha utakijua kinapoharibika. Katika kitabu cha pili cha Harry Potter, kilichotoka mwaka 1998, Ron, rafiki wa Harry, anavunja kifimbo chake na kukifunga kwa utepe wa gundi. Anapojaribu kumroga mwenzake, uchawi unatokea upande usio wake, unampiga yeye mwenyewe, na anaanza kutapika konokono wasio na gamba. Ona kwamba nguvu ya kijana haikupungua hata kidogo. Kilichoharibika ni njia. Ukichagua kazi hii, mhusika wako akipoteza chombo hawi mtu wa kawaida, bali anakuwa mtu wa hatari, kwake na kwa walio karibu naye.

Chombo cha kuhifadhi ni kinyume. Katika The Lord of the Rings ya Tolkien, Sauron, adui mkuu wa hadithi hiyo, aliweka sehemu kubwa ya nguvu zake ndani ya Pete. Maadamu Pete ipo, hata akishindwa vita anaweza kuinuka tena, na ikiyeyuka kwenye moto ilikotengenezwa, naye kwisha. Hapa chombo ni akiba, na akiba inaweza kuibwa. Mwandishi anayechagua njia hii lazima ajue mambo matatu ambayo miswada mingi huyaruka: nguvu iliingiaje mle, imebaki kiasi gani, na mtu mwingine akiishika anaweza kuitumia au la.

Cha kutambulisha ndicho kinachowachanganya wengi, kwa sababu kinafanana na vile viwili. Katika kazi hiyohiyo ya Tolkien, mchawi Gandalf anaivunja fimbo ya mchawi mwenzake Saruman kwa kutamka tu kwamba imevunjika. Mwandishi mgeni hudhani Saruman ameishiwa nguvu zote. Lakini endelea kusoma. Sauti yake ya kushawishi bado anayo, na kwa sauti hiyo anambembeleza Treebeard anayemlinda mpaka anaachiwa, kisha anakwenda kuwatesa watu wa nchi ya Shire. Fimbo ilipovunjika, kilichoondoka zaidi ni cheo: alitolewa katika safu ya wenzake. Ndiyo maana tukio lile linauma bila mlipuko wowote.

Ukishajua kazi, umbo linakuwa uamuzi mwepesi, kwa sababu kila umbo lina namna yake ya kupotea. Fimbo ndefu haifichiki, ila inaweza kujifanya mkongojo. Gandalf anapofika kwenye ukumbi wa mfalme Théoden, mlinzi Háma ameamriwa asiingize fimbo yoyote, lakini anamwachia yule mzee kitu cha kuegemea. Ndani ukumbi unaingia giza, na Wormtongue, mshauri wa mfalme, anapiga kelele kwamba alishauri fimbo ile ikatazwe. Tukio zima limesimama juu ya umbo la fimbo. Jaribu kuweka pete mahali pake na mlinzi hana la kuzuia.

Kifimbo kifupi huchomolewa kama silaha, kwa hiyo kinahitaji mkono ulio huru na kinaweza kudondoshwa. Pete ni ya siri. Haidondoki, haihitaji kuchomolewa, na ndiyo maana inapotoka hutoka kwa ukatili: Isildur aliikata pamoja na kidole cha Sauron, na Gollum aliing'oa kwa meno. Kama hadithi yako inahitaji chombo kiwe kinapotea na kupatikana kila baada ya sura mbili, usitumie pete, utaishiwa vidole.

Pete ina jambo jingine ambalo hadithi ya Aladini inalionyesha vizuri. Pale nguvu si ya Aladini wala si ya pete, ni ya jini, na pete ni haki ya kumwamuru. Anapoporwa taa na kasri lake kuhamishwa mbali, anamwita jini wa pete alirudishe. Jini anakataa: kasri ni kazi ya jini wa taa, yeye hana uwezo nalo. Anachoweza ni kumpeleka Aladini kasri liliko. Kizuizi hicho kimoja ndicho kinachomlazimisha Aladini kwenda mwenyewe na kuitafuta taa kwa akili. Pete ingeweza yote, hadithi ingeishia pale.

Nitoe mfano mmoja niufuate mpaka mwisho. Tuseme unaandika juu ya Mwanakombo, binti anayeita upepo kwa fimbo ya mninga. Yuko kwenye jahazi kati ya Pemba na Tanga, na nahodha, aliyechoshwa na abiria wanaomsikiliza binti kuliko yeye, anampokonya fimbo na kuitupa baharini.

Fimbo ikiwa ya kupitisha, Mwanakombo anaweza kuita upepo bado, lakini unakuja kutoka kila upande. Tanga linapigapiga, foromali inapasuka, na abiria waliokuwa upande wake wanamsihi anyamaze. Ikiwa ya kutambulisha, upepo unakuja sawasawa na jahazi linafika salama, ila Tanga wazee waliokuwa wakimngoja hawampokei, kwa kuwa hana ushahidi kwamba ametumwa. Ni sura mbili tofauti kabisa, na zote zinaandikika.

Ikiwa ya kuhifadhi, kazi ni kubwa zaidi, kwa sababu itabidi urudi sura ya kwanza. Unahitaji tukio la kujaza: Mwanakombo anasimama ufukweni msimu wa kusi na kuingiza pepo saba ndani ya fimbo, moja kila siku. Kisha hesabu. Sura ya pili ametumia mbili kuikoa mitumbwi ya wavuvi, sura ya nne ametumia moja kwa hasira, jambo ambalo bibi yake alimkanya. Kwa hiyo fimbo inayoelea sasa ina pepo nne, na yeye hana hata mmoja. Andika hesabu hiyo pembeni mwa mswada na uifuate. Msomaji huhesabu hata kama hukumwambia, na upepo wa nane ukivuma sura ya kumi, ataujua.

Tatizo kubwa ninaloliona linatokea hapo mbele. Mwandishi amechagua akiba, fimbo imepotea, halafu kwenye pambano la mwisho shujaa ananyoosha mikono mitupu na upepo unakuja kwa sababu "nguvu ilikuwa ndani yake siku zote". Hapo sura zote za kuitafuta fimbo zimekuwa bure. Kama unataka afanye bila chombo, weka njia ngumu mapema na uipe bei. Mchezo wa Dungeons & Dragons, katika toleo la 2014, una njia ya namna hiyo ndani ya kanuni zake. Mchawi mwenye fimbo, kifimbo au tufe la kioo hahitaji kubeba viambato vidogovidogo vya kila uchawi. Akipokonywa, ule mpira wa moto maarufu unamtaka apate kidonge cha kinyesi cha popo na unga wa salfa. Mfungwa aliyetupwa pangoni akaanza kutazama juu kutafuta popo ana mpango, na msomaji anauona ukipangwa. Na viambato vyenye bei iliyotajwa, kama almasi za vipande 300 vya dhahabu za kumrudisha aliyekufa muda huohuo, fimbo haiviondoi kamwe.

Mswada ukikamilika, tafuta neno "fimbo" au "pete" kwenye kompyuta, upitie kila mahali lilipotokea. Kila tukio lisome kana kwamba chombo hakipo. Ukikuta baada ya sura ya tatu hakuna tukio linalobadilika, chombo chako kimekuwa pambo, na una mawili ya kufanya: kifute, au mfikirie upya nahodha na mahali alipoitupa fimbo. Mimi kwa Mwanakombo ningeiacha ielee mpaka ikwame kwenye nyavu za mvuvi asiyejua kilichomo, ikiwa na pepo zake nne, akaifanya upondo wa mtumbwi wake.