Muda wa kumaliza duathloni

"Nakimbia kilomita 5 kwa dakika 25, baiskeli naenda kilomita 30 kwa saa. Duathloni ya 5, 20 na 2.5 nitamaliza kwa muda gani?"

Tenga saa 1 na dakika 21, ndugu. Mbio za kwanza 25, baiskeli 40. Mbio za pili usizihesabu kwa kasi ile ile, maana ukishuka kwenye baiskeli mapaja huwa mazito. Ongeza asilimia 8, yaani sekunde 24 kila kilomita: dakika 13 na nusu. Kubadilisha vifaa mara mbili, dakika 2 na nusu.

Hiyo 8 ni makisio yangu. Pata yako mazoezini: kimbia 5, endesha 20, kisha kimbia 2.5 papo hapo, ulinganishe kasi.